Caravan nyuma ya Dreamliner: uhesabu maili, usubiri dakika, au utegemee macho?

Unakaribia Zanzibar na Cessna Caravan, abiria wamejaa, na mbele yako Boeing 787 Dreamliner inaelekea kutua njia ileile. Mnara unakuuliza kama unaiona. Swali linapita haraka, kama salamu, na marubani wengi hulijibu vivyo hivyo: ndiyo, naiona. Jibu hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Chini ya taratibu za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ukishasema unaiona ndege ya mbele, ukaambiwa uifuate na ujitenge nayo mwenyewe, mwongoza ndege halazimiki tena kukuwekea nafasi ya kukukinga na hewa iliyovurugwa na ile ndege. Na kama safari yako ni ya kuruka kwa macho tangu mwanzo, hakuwa na wajibu huo hata kabla hujajibu. Atakupa tahadhari tu. Hesabu ya nafasi ni yako.

Kwa hiyo rubani wa ndege ndogo ana njia tatu za kukaa salama nyuma ya ndege kubwa: atenganishwe kwa maili, atenganishwe kwa dakika, au ajitenge mwenyewe kwa macho. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Nyuma ya ndege nzito, kama hewa imetulia na njia ni moja, naomba maili au dakika, na macho nayatumia kama nyongeza. Macho peke yake nayakubali pale tu ninapojua ile ndege imepita wapi, na njia ya kurukia ni ndefu ya kutosha kunipa pa kutua mbele ya pale ilipogusa.

Tuanze na kile tunachokikimbia. Bawa linapoibeba ndege, hewa ya chini yake ina shinikizo kubwa kuliko ya juu. Kwenye ncha ya bawa hewa hiyo hupata upenyo, ikapinda kwenda juu na kuanza kuzunguka. Nyuma ya kila ndege vinabaki visulisuli viwili, kila kimoja kikizunguka kuelekea mwenzake kwa juu, na hewa ya katikati yao ikisukumwa chini. Injini hazihusiki. Upepo wa injini ni jambo jingine, nao huisha haraka. Visulisuli huanza pale pua inapoinuka wakati wa kuruka, na hukoma pale ndege inapokaa chini kwa magurudumu yake yote, kwa sababu bawa halibebi tena.

Nguvu yake inategemea mambo matatu: uzito wa ndege, mwendo wake, na upana wa mabawa. Nzito, inayokwenda polepole, huacha kisulisuli kikali zaidi, na ndiyo maana tatizo kubwa liko karibu na uwanja. Tuchukue 787-8 inayotua ikiwa na tani 170 hivi, mabawa yake yana upana wa mita 60. Visulisuli vyake vitakaa umbali wa mita 47 hivi kimoja na kingine, na vitashuka kwa kasi inayokaribia futi 300 kwa dakika. Caravan ina upana usiofika mita 16. Maana yake ni kwamba Caravan nzima, ncha hadi ncha, inaingia ndani ya kisulisuli kimoja. Ndege yenye mabawa marefu inakuwa na ncha zake nje, kwenye hewa iliyo shwari kiasi, ikapata pa kushikilia. Caravan haina. Inabiringishwa, na usukani ukiwa umegeuzwa hadi mwisho bado inaendelea kubiringika kuelekea kule inakosukumwa.

Kwa kawaida huvioni. Asubuhi yenye unyevu mwingi unaweza kuona nyuzi nyeupe zikijikunja nyuma ya ncha za mabawa, lakini kutokuziona hakuna maana kwamba hakuna kitu. Karibu na uwanja wa Heathrow huko London, visulisuli vya ndege zinazotua hushuka hadi kwenye nyumba na kung'oa vigae vya paa, na wenye nyumba hawajaona chochote angani.

Sasa tuziweke njia mbili za kwanza ubavu kwa ubavu. ICAO inazipanga ndege kwa uzito wa juu unaoruhusiwa kuruka nao: nyepesi ni hadi kilo 7,000, nzito ni kuanzia kilo 136,000, na zilizo katikati zinaitwa za kati. Airbus A380 imewekwa peke yake juu ya zote, katika kundi la supa. Caravan, yenye tani zisizofika 4, ni nyepesi. Nafasi inayostahili kuwekewa ndege nyepesi ni hii:

| Iliyo mbele yako | Maili za baharini | Dakika, kutua | Dakika, kuruka kutoka mwanzo | Dakika, kuruka kutoka katikati |
|---|---|---|---|---|
| A380 | 8 | 4 | 3 | 4 |
| Nzito (mfano 787) | 6 | 3 | 2 | 3 |
| Ya kati (mfano 737) | 5 | 3 | 2 | 3 |

Maili hutumika pale mwongoza ndege anapokuona kwenye rada au chombo kingine cha ufuatiliaji. Dakika hutumika pale asipotumia chombo hicho, na kwenye kuruka. Katika hali nyingi huchagui, mnara ndio unaochagua. Lakini unaweza kuomba zaidi ya ulichopewa, na ili ujue uombe nini inafaa uone kwamba maili 6 na dakika 3 si kitu kimoja.

Zinalingana kwenye mwendo mmoja tu: noti 120, yaani maili 120 za baharini kwa saa. Kwa mwendo huo maili 6 unazimaliza kwa dakika 3 kamili. Caravan inayokuja kwa noti 100 inazimaliza kwa dakika 3 na sekunde 36. Kwa noti 90 inachukua dakika 4. Na upepo wa mbele ukiwa noti 20, ukishika mwendo wa noti 100 hewani, juu ya ardhi unakwenda noti 80 tu, na maili 6 zinakugharimu dakika 4 na nusu. Kinachokuokoa si umbali wenyewe. Ni umri wa kisulisuli utakapofika pale kilipoachwa: kila sekunde inayopita kinashuka, kinasogea, kinapoteza nguvu. Kwa ndege ya polepole, basi, maili zinatoa ulinzi mkubwa kuliko dakika. Jeti ya kundi la kati inayokuja kwa noti 140 hupewa maili 5 nyuma ya ndege nzito, na huzimaliza kwa zaidi kidogo ya dakika 2. Kwake yeye vipimo viwili ni karibu sawa.

Waingereza waliichukua hoja hii kutoka upande wa pili. Heathrow, upepo mkali wa mbele ulikuwa unaziweka ndege kwenye maili zilezile lakini kwa muda mrefu zaidi, ndege zikatua chache kwa saa, na msururu ukawa mrefu. Tangu 2015 wanapima kwa muda badala ya maili: upepo ukiwa mkali, maili zinapunguzwa ili muda ubaki uleule wa siku ya utulivu. Hakuna hatari iliyoongezwa hapo, kwa sababu upepo mkali huvichakaza visulisuli haraka.

Ukilileta hili kwetu, uamuzi unakuwa hivi. Upepo wa kusi umekaza, noti 15 au 20 usoni: dakika 3 zinatosha bila wasiwasi, na maili 6 zitakuchelewesha bure. Alfajiri shwari, bendera imelala kwenye mlingoti: hapo visulisuli vinaishi muda mrefu zaidi, na hapo ndipo naomba maili 6 badala ya dakika 3, au dakika ya nne kama rada haitumiki.

Kuna ulinganisho mwingine ndani ya huu, nao ni wa namna ya kuzipanga ndege zenyewe. Kundi la kati linaanzia kilo 7,000 hadi karibu kilo 136,000. Ndani yake mna ATR 72 ya tani 23 na Boeing 737 ya tani 79, na kwa rubani wa Caravan zote mbili zinadai maili 5 zilezile. Yeyote aliyewahi kufuata zote mbili anajua hazifanani. Mwaka 2020 ICAO ikaongeza mpango wa pili, wa makundi saba kutoka A hadi G, unaotazama uzito pamoja na upana wa mabawa. Si kila mamlaka imeuchukua, kwa hiyo uliza kabla hujauhesabia.

Kwenye mpango huo Caravan iko kundi G, la ndege za kilo 18,600 kushuka chini. Linganisha sasa. Nyuma ya 737-800, ambayo ni D, unapewa maili 4 badala ya 5. Nyuma ya Dash 8-400, ambayo ni E, nazo ni 4. Nyuma ya ATR 72, yenye mabawa ya mita 27 tu na hivyo kuangukia F, hakuna kabisa nafasi ya ziada ya kukukinga na visulisuli. Unabaki na utenganisho wa kawaida. Lakini nyuma ya 787, ambayo ni B, umbali haupungui. Unapanda kutoka maili 6 hadi 7.

Watu wakisikia makundi mapya hudhani ni mbinu ya viwanja kubana ndege. Kwa jeti kubwa zinazofuatana ni kweli nafasi imebanwa: nzito nyuma ya nzito ilikuwa maili 4, na sasa B nyuma ya B ni 3. Kwa ndege ndogo mambo ni mchanganyiko, na pale hatari ilipo kubwa zaidi mpango mpya ni mkali kuliko wa zamani. Ningepewa kuchagua, ningechukua makundi. Na hata uwanja unaotumia mpango wa uzito, zile maili 7 naziweka kichwani kama kipimo changu nyuma ya Dreamliner.

Tuje kwenye macho, kwa sababu hiyo ndiyo njia inayotumika zaidi na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi.

Tarehe 15 Desemba 1993, jeti ndogo aina ya Westwind ilikuwa inakuja kutua uwanja wa John Wayne, Santa Ana, California, nyuma ya Boeing 757. Ilikuwa imeruhusiwa kutua kwa macho. Marubani waliiona Boeing mbele yao. Nafasi kati ya ndege mbili ikapungua hadi kama maili 2 tu. Westwind ikabiringishwa karibu na ardhi, ikaanguka, na wote watano waliokuwemo wakafa.

Uchunguzi ulionyesha jambo ambalo kila anayejibu "naiona" anapaswa kulikumbuka. Ile 757 ilikuwa imeshuka kwa mteremko mkali kuliko kawaida, nyuzi 5.6. Westwind yenyewe ilikuwa inashuka kwa nyuzi 3 za kawaida. Chora mistari miwili kutoka mwanzo wa njia ya kurukia, mmoja mkali na mwingine wa wastani, utaona kwamba kila unaporudi nyuma ndivyo wa 757 unavyokuwa juu zaidi ya wa Westwind. Marubani waliiona Boeing mbele yao, wakati njia iliyopitia ilikuwa juu yao. Visulisuli vikashuka kutoka juu na kuwakuta. Macho yalionyesha ndege ilipo, lakini visulisuli viko kule ndege ilikotoka.

Kulikuwa na tatizo la pili. Kwa uzito wake, 757 haikuwa inahesabiwa nzito, kwa hiyo hapakuwa na onyo la pekee kuihusu, ingawa msukosuko wake ulikuwa umeshaangusha ndege ndogo nyingine Marekani mwaka mmoja kabla. Baada ya ajali hiyo Wamarekani waliiwekea 757 masharti yake yenyewe. Mpango wa makundi unaotazama mabawa pamoja na uzito ni mtoto wa somo hilo.

Basi kama utachagua macho, yatumie kwa hesabu. Tufanye ile ya Zanzibar. Njia ya kurukia ina urefu wa mita 3,022. Dreamliner inashuka kwa nyuzi 3 na kugusa mita 400 hivi kutoka mwanzo. Unaitazama hadi inapogusa, usikisie. Ushauri wa kawaida ni kukaa juu ya njia yake na kutua mbele ya pale ilipogusa. Wewe unachagua mita 800. Mbele yako zinabaki mita 2,200, na Caravan inahitaji kukimbia chini ya mita 400 ikishatua, kwa hiyo urefu si tatizo.

Lakini angalia urefu wa kwenda juu. Ukisogeza pa kutua kwa mita 400 huku ukishuka kwa nyuzi zilezile 3, umepanda juu ya njia ya Dreamliner kwa mita 21 tu, futi 70. Hiyo ni nafasi ndogo mno, kwa sababu visulisuli vikifika karibu na ardhi vinaweza kudunda na kupanda tena kidogo. Ukishuka kwa nyuzi 4 badala ya 3, hali inabadilika. Maili moja kabla ya pale ilipogusa, Dreamliner ilikuwa kwenye futi 320 hivi. Wewe hapohapo utakuwa kwenye futi 515. Zimekuwa karibu futi 200 juu yake, na Caravan inaweza mteremko huo bila shida. Kwa hiyo ukichagua macho chagua yote mawili, pa kutua pa mbele na mteremko mkali kidogo, na taa za mteremko pembeni ya njia zikuonyeshe nyeupe tupu. Ukiona nyekundu zimezidi, uko chini ya njia ya Dreamliner. Ongeza nguvu uzunguke upya, wala usijaribu kurekebisha ukiwa umebakiza nusu maili.

Kwenye uwanja mfupi hesabu hii haifanyi kazi, na macho yanakosa faida yake kubwa. Huko chagua dakika.

Upepo ndio unaoweza kugeuza uamuzi wote, na si ule mkali. Visulisuli vya 787 vikifika kimo cha futi 80 hivi haviwezi kushuka zaidi, vinaanza kuachana, kila kimoja kikienda pembeni kwa noti 2 au 3. Siku isiyo na upepo vinatoka juu ya njia vyenyewe. Sasa weka upepo wa noti 3 kutoka mashariki, na ndege zinatua kuelekea kusini. Kisulisuli cha kushoto kinataka kwenda mashariki kwa noti 3, upepo unakirudisha kwa noti 3. Kinasimama palepale, juu ya mstari wa katikati unaoelekea kutua. Cha kulia kinakwenda zake kwa noti 6. Upepo wa pembeni wa noti 1 hadi 5 ndio mbaya kuliko noti 10, ambazo kwa dakika moja zingekuwa zimevisukuma vyote zaidi ya mita 200.

Mbaya zaidi ni upepo mwepesi unaotoka nyuma na pembeni kwa pamoja, kwa mfano kutoka kaskazini-mashariki wakati mnatua kuelekea kusini. Huo unakishikilia kimoja juu ya njia na wakati huohuo unakisogeza mbele, kikavuka pale Dreamliner ilipogusa na kuingia pale ulipojipangia wewe kutua. Ile mita 800 yako si salama tena. Siku kama hiyo sijibu "naiona" kwa haraka. Nasema naiona, na naomba nafasi kamili.

Kwenye kuruka uchaguzi ni mwepesi zaidi, ila una mtego mmoja. Dreamliner imeondoka, wewe uko karibu na makutano ya katikati ya njia, na mnara unakuuliza kama utakubali kurukia hapo. Unaokoa mwendo mrefu wa kuteleza kwenye lami hadi mwanzo. Lakini Dreamliner inayoinua pua kwenye mita 2,000 hivi imeacha njia yote ya kabla ya hapo ikiwa safi. Caravan ikianzia mwanzo kabisa inanyanyuka ndani ya mita 500, ikiwa na nafasi kubwa mbele yake. Ikianzia mita 1,500 inanyanyuka palepale visulisuli vinapoanza. Ndiyo sababu mwanzo wa njia unadai dakika 2 na katikati dakika 3. Ukihesabu muda wa kuteleza, mara nyingi dakika uliyoiokoa unairudisha kwa kusubiri. Mimi nakwenda mwanzo. Na nikishapaa nakumbuka kwamba Dreamliner hupanda kwa mteremko mkali kuliko wangu, kwa hiyo mbele kidogo nitakuwa chini ya njia yake. Naomba mapema ruhusa ya kugeukia upande upepo unakotoka.

Mtego ni pale ndege nzito inapokuwa imetua, si kuruka. Hapo picha inapinduka. Visulisuli vimekomea mita 400 hivi, na anayeanzia mwanzo ananyanyuka karibu na palepale. Anayeanzia katikati yuko kwenye hewa safi. Watu waliokariri kwamba katikati ni hatari daima hujipeleka wenyewe kwenye tatizo.

Hata ukichagua vizuri, utakutana nacho siku moja. Tarehe 12 Novemba 2001 ndege ya American Airlines safari 587, Airbus A300, iliondoka New York nyuma ya Boeing 747 ya Japan Airlines. Nafasi ilikuwa halali. Bado iligusa visulisuli vya 747, na mtikisiko wenyewe haukuwa wa kuangusha ndege ya ukubwa ule. Rubani msaidizi akajibu kwa kukanyaga usukani wa mkia kwa nguvu, kushoto na kulia, mara kadhaa, mpaka mkia wa wima ukakatika. Walikufa watu 260 waliokuwemo na 5 chini. Wachunguzi waliweka kosa kuu kwenye mikanyago ile, ambayo haikuhitajika.

Kwa hiyo kama bawa linaanguka ghafla: mikono kwanza, uiweke sawa kwa usukani wa mabawa, miguu itumike kidogo tu kuisindikiza. Usipigane na mbiringiko huku unavuta pua juu. Ukiwa na kimo, ongeza nguvu ya injini na utoke kwa kupanda na kusogea upande upepo unakotoka, kwa sababu visulisuli vinakwenda chini na kule upepo unakovipeleka. Dalili ya mapema huwa ni mtetemo mdogo wa haraka na bawa moja kutaka kuinuka bila sababu. Siku shwari hiyo si hali ya hewa. Zunguka upya hapohapo.

Kuhusu gharama, ambayo ndiyo husukuma watu kujibu haraka: Caravan inayozunguka hewani hunywa lita 190 hivi kwa saa. Dakika 3 za kusubiri ni karibu lita 10 za mafuta. Kwenye redio maneno hayazidi sentensi moja, na kwa desturi yetu huyasema kwa Kiingereza: kwamba unaiona ndege, na kwamba unaomba utenganisho kamili wa msukosuko nyuma ya ndege nzito. Useme kabla hujaambiwa uifuate, kwa sababu ukishakubali kujitenga mwenyewe, mnara unaanza kuipanga ndege ya nyuma yako kwa kutegemea kwamba utatua sasa hivi.